Gauni la Hafla Usiku wa Joto: Anzia Mabegani

Ilikuwa Februari, Dar es Salaam, saa moja jioni. Jua lilikuwa limekwishazama, lakini ukuta wa bustani ya hoteli ukiugusa bado ulikuwa na moto wa mchana. Nilialikwa chakula cha jioni cha chama chetu cha taaluma, meza zimetandikwa vitambaa vyeupe chini ya minazi. Nami nilikuwa nimevaa gauni la satini la rangi ya kijivu, mabega wazi, limebana kuanzia kifuani hadi magotini. Kwenye picha za mwanzo nilipendeza. Supu ilipoletwa, mstari wa jasho ulikuwa umejichora chini ya kifua, na mgongo ulikuwa umegandana na kiti. Chakula nilikiacha nusu, kwa sababu mbavu zilikuwa zimefungwa. Kufikia saa tatu nilikuwa nimeazima mtandio wa shangazi niliyeketi naye, nikajifunika usiku ule wa joto ili kuficha madoa.

Wiki iliyofuata nililipeleka gauni lile kwa fundi mmoja wa Magomeni, mama wa makamo aliyeshona nguo za harusi maisha yake yote. Aliligeuza ndani nje, akapitisha vidole kwenye bitana, akaniuliza, "Mwanangu, ulikaa nalo kwa saa ngapi?" Nikamwambia tatu. Akatikisa kichwa. "Hili ungelivaa nusu saa tu. Kitambaa hakinywi jasho, bitana hainywi jasho, na mshono haupitishi hewa. Jasho liende wapi?"

Swali lake ndilo ninalotaka kulijibu hapa, kwa sababu wengi wetu tunapochagua gauni la hafla huuliza kwanza kama linapendeza, kisha kama ni jepesi. Tukishaona kitambaa ni chembamba na mabega yako nje, tunaamini tutapoa. Sivyo mwili unavyopoa.

Mwili hujipoza kwa jasho, lakini jasho lenyewe halipoozi kitu mpaka likauke juu ya ngozi na kuondoka na joto. Dodoma, kwenye hewa kavu, hukauka upesi hata usilione. Pwani ni tofauti. Dar es Salaam, Zanzibar, Tanga na Mombasa, kuanzia Desemba hadi Machi, mchana joto hufika nyuzi 32 mara nyingi, usiku hukaa karibu na 25, na hewa imejaa unyevu kiasi kwamba jasho linakosa pa kwenda. Kinacholisaidia ni upepo unaopita kati ya ngozi na nguo, na uzi unaolinyonya na kulitandaza ili likauke kwa nje. Gauni likikosa vyote viwili, hata liwe jembamba kama ganda la kitunguu, aliyelivaa atapikika ndani yake.

Tuanze na uzi, maana hapo ndipo tunapodanganyika zaidi dukani. Ukipita maduka ya vitambaa Kariakoo utasikia majina: satini, shifoni, krepu, organza, tafeta. Mengi ya majina haya hayakuambii kitambaa kimetengenezwa kwa nini. Yanakuambia kimefumwa namna gani. Satini ni ufumaji unaoacha nyuzi ndefu juu ya uso wa kitambaa, ndiyo maana kinang'aa na kuteleza. Uzi wenyewe unaweza kuwa hariri, unaweza kuwa pamba, na katika maduka mengi ya kawaida huwa poliesta. Shifoni na krepu ni vivyo hivyo. Kwa hiyo mtu akikuambia satini ni ya joto na shifoni ni ya baridi, mwulize kwanza: ya uzi gani?

Poliesta hutengenezwa kutokana na mafuta ya petroli. Uzi wake karibu haunyonyi maji kabisa, hivyo jasho hubaki juu ya ngozi na kutiririka. Pamba, kitani, hariri na viskosi, ambayo wengine huiita rayoni, hunyonya. Viskosi hutengenezwa kutokana na massa ya miti, na kwa gauni la hafla ni mkombozi wa mwenye kipato cha kati: huning'inia vizuri kama hariri, hunyonya jasho vizuri kuliko hata pamba, na bei yake haiumizi kama ya hariri.

Utajuaje ulichoshika? Muuzaji mwaminifu atakuambia, lakini mara nyingine hata yeye hajui, kwa sababu jora limefika bila maelezo. Omba kipande kidogo cha pembeni, chomoa nyuzi chache za urefu na chache za upana, kisha nyumbani ziwashe kwa kiberiti juu ya kisahani, mbali na pazia na mbali na kitambaa kingine. Pamba, kitani na viskosi huungua kama karatasi, hunuka karatasi iliyoungua, na huacha jivu laini. Hariri huungua polepole na kunuka nywele zilizoungua, na kipunje cheusi kinachobaki husagika ukikifinya. Poliesta hujikunja, huyeyuka, hutoa moshi mweusi, na ikipoa huacha kipunje kigumu kisichosagika. Usikifinye kabla hakijapoa. Ukiona jivu na kipunje kigumu pamoja, hicho ni mchanganyiko. Nyuzi za urefu na za upana huwashwa mbalimbali kwa sababu viko vitambaa vyenye uzi wa pamba upande mmoja na poliesta upande wa pili.

Ukishajua uzi, chagua kulingana na udhaifu wake, kwa sababu kila kimoja kina wake. Kitani ndicho kinachopoza kuliko vingi, lakini hukunjana. Ukitoka nyumbani umepigwa pasi na kukaa kwenye gari dakika arobaini, utashuka na mikunjo mapajani ambayo haitatoka usiku kucha. Kwa hafla rasmi yenye picha, mimi nakiacha. Pamba nyepesi ya nyuzi laini ni nzuri sana, ila haining'inii kwa uzito; inataka mshono wenye marinda au upana mkubwa ili isionekane kama gauni la kushindia. Hariri ni nyepesi na ina mng'ao unaofaa taa za jioni, lakini tone la maji au la manukato huiacha na alama, na jasho la kwapa huiharibu rangi kadiri siku zinavyopita. Viskosi ikilowa hupungua nguvu, na ikifuliwa mara ya kwanza hurudi, yaani hupungua urefu. Dawa ya hilo ni kuiloweka na kuikausha kabla ya kukata, jambo ambalo fundi mwenye haraka hulikwepa na mwenye gauni hulijua baada ya dobi.

Sasa bitana. Hapa ndipo gauni zuri huuawa kimyakimya. Unaweza kununua krepu ya hariri kwa pesa nyingi, kisha fundi akaitia bitana ya poliesta inayoteleza, kwa sababu ni rahisi na ipo tele. Kinachogusa ngozi yako usiku mzima ni ile bitana, na hariri iko nje inapendezesha watu wengine. Gauni langu la kijivu lilikuwa na bitana mbili kifuani na kitambaa kigumu katikati cha kulisimamisha. Nilikuwa nimevaa nguo nne juu ya kifua na nikishangaa kwa nini ninatokwa jasho hapo hapo.

Nunua bitana mwenyewe, siku ile ile unayonunua kitambaa. Pamba nyepesi kabisa au viskosi nyembamba ndiyo inayofaa. Mwambie fundi aishie magotini, asiifikishe kwenye pindo: chini ya magoti kinachotakiwa ni upepo, na kama kitambaa si cha kuonyesha, hakuna cha kusitiri zaidi. Bitana iachwe huru chini, isishonewe pamoja na pindo la gauni, ili ukitembea hewa iingie kati ya tabaka mbili. Na kama kitambaa chenyewe ni kizito cha kutosha kutoonyesha mwili kwenye mwanga, mikono haina haja ya bitana kabisa.

Tukija kwenye mshono, kanuni aliyonifundisha yule mama wa Magomeni ni moja: gauni la joto libebwe na mabega. Kila nguo lazima ishike mahali fulani mwilini isianguke. Gauni la mabega wazi lisilo na kamba halina pa kushika ila mbavu, kwa hiyo ni lazima likaze kifua, na fundi huongeza vijiti vya plastiki ubavuni na kitambaa kigumu ili lisishuke. Mtu anaona mabega yako nje anadhani umepoa, kumbe kiwiliwili kizima kimefungwa bandeji. Gauni lililoshikwa mabegani huachia kifua, kiuno na mgongo, na nguo inaninginia hapo ikiruhusu hewa kupanda na kushuka.

Mshono unaobana mapaja na kufunguka magotini kama mkia wa samaki una kosa hilo hilo kwa chini: hewa haipandi. Tena ukiketi kitambaa hukazika zaidi, maana makalio hutanuka mtu anapokaa. Upo pia mkato wa mshazari, ambao kitambaa hukatwa pembe kwa pembe badala ya kufuata uzi wa urefu. Aliyeupatia sifa ni mshonaji wa Paris, Madeleine Vionnet, katika miaka ya 1920. Ni mkato mzuri mno. Kitambaa humwagika mwilini kama maji bila zipu wala mikunjo ya kubana. Lakini hushuka kwa kuufuata mwili, na pale nyonga na tumbo vinapotoa jasho, kitambaa hujibandika. Kwa ukumbi wenye kiyoyozi ni chaguo zuri. Kwa bustani ya Februari, si chaguo langu.

Unaobaki na unaofaa ni mshono unaopanuka taratibu kutoka kwapani hadi chini, au wenye mkato juu ya kiuno, chini kidogo ya kifua, ukafunguka kuanzia hapo. Kaftani nayo imo katika ukoo huu, na si nguo ya nyumbani tu: ikishonwa kwa krepu nzito na kutiwa nakshi shingoni, huketi kwenye meza yoyote rasmi. Wanawake wa Kiswahili waliovaa mapana tangu zamani hawakukosea. Mwaka 1980 jarida la sayansi la Nature lilichapisha utafiti juu ya majoho meusi ya Mabedui wa jangwani. Watafiti walikuta kwamba chini ya jua kali joho jeusi na jeupe yalimfikishia mvaaji joto sawa, kwa kuwa joto la ziada lililonyonywa na weusi liliondolewa na hewa iliyopita ndani ya joho pana kabla halijafika kwenye ngozi. Anayejisitiri mwili mzima kwa nguo pana ya uzi unaonyonya anaweza kupoa kuliko aliyeacha mabega wazi na kufunga mbavu.

Kwapa linahitaji neno lake. Fundi wengi hupandisha tundu la mkono juu sana ili gauni "likae", na kitambaa hugandana na kwapa dakika ya kumi. Ukivaa kwa majaribio, vidole viwili vilivyolala vipite kati ya kwapa na mshono. Mkono ukiwa mpana unaoishia kwenye kiwiko, hupitisha hewa na hufuta hofu ya doa. Mkono mwembamba uliobana hufanya kinyume.

Nikupe mfano kamili wa gauni nililoshona mwaka uliofuata kwa hafla ile ile. Kifua changu ni inchi 38, kiuno 32, nyonga 42. Kutoka begani hadi sakafuni, nikiwa nimevaa kiatu nitakachovaa, ni inchi 58. Ukiongeza inchi 3 za pindo na mshono wa bega, inakuwa 61. Mbele na nyuma, basi, vilitaka inchi 122. Nilinunua yadi nne na nusu za krepu ya viskosi yenye upana wa inchi 60, yaani inchi 162. Baada ya kuilowesha usiku kucha na kuianika kivulini, ilirudi ikawa 154. Inchi 8 zilikuwa zimepotea. Kama ningeikata mbichi, pindo lingepanda juu ya vifundo siku ya kwanza ya kufuliwa. Zilizobaki, inchi 32, zilitosha mikono miwili ya kufika kiwikoni na vipande vya kumalizia shingo. Kwa bitana nilichukua yadi mbili na nusu za pamba nyepesi yenye upana wa inchi 45, nayo niliilowesha.

Vipimo vya gauni lililokamilika vilikuwa kifua 42, kiuno 38, nyonga 48, na upana wa pindo kuzunguka inchi 100. Angalia tofauti: inchi 4 za nafasi kifuani, na 6 kiunoni na kwenye nyonga. Kifuani hatukuachia zaidi kwa sababu mabega yangeanza kuteleza. Ili lisionekane kama gunia, fundi alitia umbo kwa mshono mmoja mrefu wa katikati ya mgongo, akaacha uwazi mwembamba kutoka shingoni kushuka inchi 8, umefungwa kwa kifungo kimoja juu. Uwazi ule ulitoa joto la mgongo, mahali ambapo kiti huziba.

Rangi ilikuwa bluu iliyoiva, karibu na nyeusi. Watu waliniuliza kwa nini rangi ya giza kwenye joto. Onyo la kutovaa nyeusi ni la juani, kwa sababu nyeusi hunywa mwanga wa jua. Saa moja usiku hakuna jua la kunywa. Cha kuogopa usiku ni doa, na rangi zinazolionyesha zaidi ni zile za katikati: kijivu, bluu ya mbingu, waridi iliyofifia, kijani cha jani bichi. Nyeusi, bluu nzito, nyeupe na vitambaa vya maua mengi huficha. Usiniamini kwa maneno. Dukani lowesha ncha ya kidole, gusa kona ya sampuli, halafu itazame kutoka hatua mbili. Doa likionekana hapo, litaonekana na mezani.

Gauni likiwa tayari, usiishie kulitazama kwenye kioo ukiwa umesimama. Livae nyumbani, keti kwenye kiti cha kulia chakula, zima feni, kaa nusu saa na ule kitu cha moto. Kisha inuka ujikague. Kama umevuta pumzi kwa shida, kiuno kiachiwe. Kama kitambaa kimegandana na mgongo na hakijiachii baada ya hatua kumi, bitana ibadilishwe. Kama tundu la mkono lina unyevu pande zote, lishushwe nusu inchi. Haya yote fundi huyarekebisha kwa siku moja, mradi ameacha akiba ya mshono pembeni. Mwombe akuachie inchi moja kila upande kabla hajakata. Jaribio hili linataka siku kumi kabla ya hafla, na kitambaa kifike kwa fundi wiki tatu kabla.

Kadi ya mwaliko nayo isome vizuri. Ikisema ukumbini, huenda kiyoyozi kikakutetemesha kwa saa mbili, kisha ukatoka kwenye joto la maegesho. Beba mtandio wa pamba au hariri badala ya kutafuta gauni zito. Ikisema bustanini, pindo lifike kwenye vifundo, kwa sababu jioni mbu huanzia chini, chini ya meza.

Usiku ule wa pili supu ilikuwa ya moto kama ile ya mwaka uliopita, na hewa ilikuwa nzito vilevile. Jasho lilinitoka, kama linavyomtoka kila mtu pwani mwezi huo. Likaingia kwenye pamba, likakauka, nami nikala chakula chote. Kwa hiyo ukifika kwa fundi wako msimu huu, kabla hujamwonyesha picha ya mshono, mtajie mambo matatu: hafla ni saa ngapi, ni ndani au nje, na utaketi kwa muda gani. Kisha mkabidhi bitana uliyoinunua mwenyewe.